Majibu Kumi na Mawili Yenye Muhuri

Ofisini walimwita Mama Muhuri, na jina lenyewe hakulichukia. Muhuri wake ulikuwa wa mpira, wenye mpini wa mbao uliolainika kwa kushikwa, na aliuhifadhi ndani ya soksi ya mtoto, soksi ndani ya droo, droo ndani ya kufuli. Ufunguo wa kufuli ulining'inia shingoni mwake, bega kwa bega na ufunguo wa nyumba. Mumewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nyuzi, aliwaambia wateja wake kwamba mkewe akijitazama kwenye kioo asubuhi humwambia kwanza yule wa ndani ya kioo: onyesha kitambulisho.

Shaka hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpokea simu kwenye swichibodi ya kiwanda cha magodoro, na kwa miaka hiyo yote watu walimdanganya sikioni. "Niunganishe na mkurugenzi, mimi ni kaka yake." Kwa hesabu ya Mama Muhuri, mkurugenzi yule alikuwa na kaka arobaini na wawili, na wote walikuwa wakiuza kitu. Akajifunza kusikia uongo kama mpishi anavyosikia mafuta yakichemka. Siku kiwanda kilipoleta mashine ya kupokea simu, yeye akafungasha kikombe chake na mto wa kiti, akaenda kuajiriwa na Chama cha Wapokea Simu na Wahudumu wa Mapokezi, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la kudurufu karatasi, ambako sakafu hutetemeka kila mashine ya chini ikizidiwa.

Kazi yake ilikuwa mkutano wa mwaka. Siku tatu za mafunzo, viti mia tatu, na mwisho cheti ambacho waajiri wengi hawamthibitishi mtu kazini bila kukiona. Kila mwaka wanachama waliuliza yale yale. Nimepata dharura, dada yangu aje badala yangu? Risiti imeandikwa jina langu na mwajiri anataka jina lake, itakuwaje? Natumia magongo, kuna ngazi? Mwishowe Mama Muhuri akachoka kurudia kama kasuku, akaketi wiki nzima, akaandika ukurasa wa maswali na majibu kwa ajili ya tovuti ya chama. Maswali kumi na mawili, majibu kumi na mawili, hakuna neno la kupamba.

Ulikuwa ukurasa mzuri, hata wasiompenda walikiri. Jibu la pili lilisema warsha inaweza kubadilishwa hadi wiki moja kabla ya mkutano, kama huko unakohamia kuna nafasi. Jibu la nne lilisema risiti hutolewa kwa jina la aliyelipa; likihitajika jina la mwajiri, risiti ya kwanza hufutwa ndipo mpya itolewe, kwa maana malipo mamoja hayazai risiti mbili. Jibu la saba lilisema tiketi huhamishwa mara moja tu, bila gharama, kwa ombi la mwenye tiketi mwenyewe kutoka anwani aliyojisajilia. Beji hubadilika jina, risiti haibadiliki, na mahitaji maalumu ya mwenye tiketi wa kwanza hayamfuati wa pili, kila mtu aseme yake. Msindikizaji wa mwenye ulemavu alipewa beji bila malipo. Na jibu la tisa, ambalo alilipigania hadi Katibu wa chama akanyanyua mikono, lilisema hivi: "Anayeomba huduma maalumu atajibiwa kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi. Kabla hajajibiwa, nafasi yake haitaondolewa kwa sababu yoyote." Alilipigania kwa kuwa hakumwamini Katibu. Hakuwa na ushahidi. Alikuwa na pua.

Mwaka juzi matapeli waliunakili ukurasa ule neno kwa neno, wakabadilisha jibu la saba, wakaweka namba yao ya simu, na wanachama tisa wakahamisha tiketi zao moja kwa moja hadi mikononi mwa wezi. Mama Muhuri alilia chooni, akanawa uso, akatoka na uamuzi. Akachapa majibu yote kwenye karatasi, akatia sahihi, akapiga muhuri katikati ya maneno mahali ambapo mwizi yeyote asingeweza kuufuta, akaskani karatasi ile na kumpelekea Fundi wa tovuti.

"Weka hii kama ilivyo," alimwambia. "Picha yake. Wakopi na wino wangu basi, tuone."

Fundi, mtu wa makamo aliyekuwa akila karanga tangu saa mbili asubuhi hadi kufunga kazi, aliitazama. "Mama, picha siyo ukurasa."

"Na karanga siyo chakula cha mchana. Weka."

Fundi akaweka. Hakueleza maana ya maneno yake, na Mama Muhuri hakuuliza. Kosa hilo walilizaa wawili, ingawa mmoja ndiye aliyelilea.

Mwaka huu tiketi ziliisha mapema. Watu sitini walikuwa kwenye orodha ya kusubiri, kila mmoja akipiga simu kuuliza kama kuna aliyekufa. Ndipo Jumanne asubuhi ilipoingia barua pepe moja, ndefu, kutoka anwani moja, kwa niaba ya watu saba.

Mama Muhuri aliisoma akiwa amesimama. Mwandishi alijitambulisha kuwa mpokea simu wa hospitali, wenzake wakimwita Mzee Laini. Wawili katika saba walitaka kubadilisha warsha. Mmoja alitaka risiti iandikwe jina la mwajiri. Watatu waliuliza kama msindikizaji analipa. Na wa saba, mama mmoja aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji, alitaka kumhamishia tiketi yake binti wa zamu ya mchana, ambaye mkataba wake ungekwisha mwisho wa mwezi na bila cheti usingeongezwa. "Sisi sote saba hatuoni," iliendelea barua. "Tungeomba viti karibu na spika, na ratiba itumwe mapema kwa maandishi ya kompyuta."

Alikaa. Akaisoma tena, safari hii akiwa na kalamu nyekundu.

Kwanza, tiketi saba, anwani moja. Jibu la saba lilikataza. Pili, kila walichouliza kilikuwa kimekwisha jibiwa kwenye ukurasa, tena kwa herufi kubwa. Mtu anayeuliza saa huku amesimama chini ya saa ya ukutani, Mama Muhuri aliamini, hatafuti saa. Tatu, akafungua fomu za usajili za wale saba: kisanduku cha huduma maalumu kilikuwa kitupu, chote, kwa wote. Nne, saba na wasindikizaji watatu ni viti kumi, na viti kumi mwaka wa watu sitini kusubiri ni mtaji wa mlanguzi yeyote. Na tano, hili ndilo lililomfanya aiweke kalamu chini na kucheka peke yake: barua ya maneno mia tatu ya watu wasioona, na haina kosa hata moja la kuchapa.

Wasioona kwenye kazi ya simu walikuwepo, wengi na hodari, hilo alilijua. Lakini na mlanguzi naye si angelijua? Na kama kuna mtu mwenye macho aliyewachapia, mtu huyo si angewasomea na ukurasa?

"Hadithi ya upasuaji," alimwambia Fundi, akitikisa kichwa. "Na binti wa mkataba. Wamebakiza kuniwekea yatima na mbuzi."

"Huenda ni kweli, Mama."

"Uongo mzuri huwa ni kweli mpaka siku ya tatu."

Hakuwajibu. Mwizi hajibiwi; ukimjibu unampa nafasi ya kujipanga. Jumatano asubuhi akavuta simu kuipiga namba iliyokuwa chini ya barua. Barua zinaweza kumdanganya mtu. Masikio yake, hapana.

Iliita mara mbili. "Hospitali, swichibodi, habari za asubuhi."

Sauti ya mtu mzima, kavu kidogo, yenye mpangilio. Mama Muhuri alikiri moyoni kwamba ilikuwa sauti ya kazi. Lakini hata yeye angeweza kuigiza sauti ya daktari.

"Napiga kutoka chama cha wapokea simu. Wewe ndiye uliyeandika barua ya watu saba?"

"Ndiye mimi, dada. Ahsante kwa kupiga. Subiri kidogo." Akasikika akimwunganisha mtu na wodi ya wazazi, upesi, bila kukosea, kisha akarudi. "Nakusikiliza."

"Ukurasa wetu wa maswali na majibu umeuona?"

"Kuuona?" Kulikuwa na kicheko ndani ya neno. "Hapana. Nimefika, lakini."

"Umefika. Basi nisomee jibu la nne."

Mama Muhuri akashika kalamu nyekundu.

"Nisomee tu, bwana. Mstari mmoja."

"Siwezi, dada."

"Kwa nini huwezi?"

"Ukurasa wako haunisomei."

"Ukurasa haumsomei mtu. Mtu ndiye anayeusoma ukurasa."

"Kwenu. Kwetu sisi simu ndiyo inayosoma. Tovuti yenu yote inasoma vizuri, tangu anwani ya ofisi hadi salamu za Katibu, ambazo ni ndefu. Ikifika kwako inasema 'picha', inanyamaza. Mtunza stoo wetu alinisomea nusu wakati wa chai, akaitwa. Ndiyo nikaona nikuulize kwa niaba ya wenzangu."

Mtunza stoo. Chai. Akaitwa. Mama Muhuri alisikia mafuta yakichemka.

"Na fomu zenu? Mbona kisanduku cha huduma maalumu hakina kitu?"

"Waajiri ndio waliotusajili. Wangejaza lini? Wengine hawajui hata majina yetu, wanatuita Swichi. Dada, yule binti..."

"Tutawasiliana," akasema, akakata.

Akaandika neno SHAKA kwa wino mwekundu mbele ya majina saba. Mtihani ulikuwa mwepesi, mtahiniwa amefeli. Nani wa kulaumiwa?

Alhamisi alimpelekea Katibu taarifa. Katibu alikuwa mtu wa suti mbili na simu tatu, mwenye tabia ya kusema "tuko pamoja" pale anapotaka mtu aondoke. Safari hii hakusema hivyo. Aliisoma taarifa, akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Kazi nzuri, Mama yangu! Kazi nzuri sana. Kesho saa kumi alasiri tunafunga majina. Hawa saba toa, ingiza hawa." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Mama Muhuri aliikunjua. Majina saba. Siyo sita, siyo kumi.

"Hawa ndio saba wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri?" aliuliza.

"Ni watu wanaosubiri. Andaa barua, piga muhuri, niletee."

Alirudi mezani na karatasi ile akaiweka mbele yake kama mtu anayemtazama mgeni asiyebisha hodi. Ilikuwa imekunjwa zamani. Mikunjo ilikuwa na vumbi la mfuko. Karatasi iliyokuwa tayari kabla ya nafasi kupatikana! Akafungua orodha ya kusubiri. Wa kwanza kwenye karatasi ya Katibu alikuwa wa thelathini na nane. Wa pili hakuwemo kabisa, lakini ubini wake ulikuwa wa mke wa Katibu.

Usiku ule mumewe alimkuta jikoni ameshika mwiko juu ya sufuria isiyo na kitu.

"Unaishuku sufuria?"

"Namshuku Katibu. Na namshuku yule wa hospitali. Mmoja kati yao ananitumia."

"Na wewe mwenyewe," mumewe alisema, akivua tepu ya kupimia shingoni, "huwa unajishuku lini? Maana mimi suruali ikimbana mteja, kwanza huitazama tepu yangu kabla ya tumbo lake."

"Kalale, fundi."

Akaenda kulala. Yeye akabaki amesimama na mwiko wake.

Ijumaa saa saba mchana, barua ya kuwaondoa wale saba ikiwa imechapwa na bado haina muhuri, alishuka hadi kwenye chumba cha Fundi, nyuma ya duka la kudurufu. Alikwenda kuomba anwani ile ya barua pepe ifuatiliwe imetoka wapi. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

"Hospitali," alisema Fundi baada ya kubofya mara chache. "Mtandao wa hospitali. Kila siku, saa za kazi."

"Yaani yuko kweli."

"Yuko."

"Lakini alishindwa kunisomea jibu la nne. Ananiambia simu yake inasema 'picha'. Umewahi kusikia uongo wa kitoto namna hiyo?"

Fundi aliacha kutafuna. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Mama Muhuri alimwona mtu yule mdomo wake ukiwa umetulia.

"Mama," alisema polepole, "lete kiti."

Akachukua simu yake mwenyewe, akaingia mahali kwenye mipangilio, akawasha kitu. Simu ikaanza kusema. Kila alipogusa, sauti ya mwanamke asiye na haraka ilitaja kilichoguswa. Alifungua ukurasa wa habari za mpira; sauti ikasoma kichwa cha habari, ikasoma mabao, ikasoma hata matusi ya mashabiki kule chini. Alifungua tovuti ya chama. Sauti ikasoma salamu za Katibu, na kweli zilikuwa ndefu. Kisha akagusa "Maswali na Majibu".

"Picha," ilisema sauti. "Kitufe. Rudi juu."

Basi. Ikanyamaza.

"Imekatika," alisema Mama Muhuri.

"Haijakatika."

"Zima. Washa tena."

Fundi akazima, akawasha. "Picha. Kitufe. Rudi juu."

"Tumia simu yangu." Alimpa yake, akimtazama vidole asije akafanya kiinimacho. Simu yake, aliyoinunua mwenyewe, iliyolala chini ya mto wake mwenyewe, ikafika kwenye ukurasa alioutolea jasho, majibu kumi na mawili, na kutamka neno moja: "Picha."

Mashine ya kudurufu ilianza upande wa pili wa ukuta. Meza ikatetemeka.

"Mwenye macho anaona maneno," Fundi alisema. "Simu inaona rangi tu, kama picha ya ng'ombe. Kuna simu zinazojaribu kuyatambua maneno kwenye picha, lakini wewe ulipiga muhuri katikati. Zikifika jibu la saba zinatoa ugoro, maneno yasiyo na maana."

"Ulijua?"

"Nilikwambia picha siyo ukurasa."

"Uliniambia kama mtu anayetema ganda la karanga! Mambo kama haya mtu huelezwa!"

"Ndiyo, Mama," alisema Fundi, na hakujitetea zaidi.

Mama Muhuri alibaki na swali moja, la mwisho, nalo alilishika kama mtu anayezama ashikavyo jani. "Na kuchapa? Maneno mia tatu, hakuna kosa hata moja. Mtu asiyeona anachapaje hivyo?"

"Wewe enzi zako kwenye swichibodi, ulikuwa unaangalia vitufe?"

Miaka kumi na tisa alichapa ujumbe wa simu huku macho yake yakiwa dirishani. Waliomfundisha walimfunika vidole kwa kitambaa.

Alikuwa amemshuku mtu anayeuliza saa chini ya saa ya ukutani, na saa yenyewe ameifunika yeye. Aliweka ulinzi mlangoni kumzuia mwizi; mwizi angeweza kuuiga muhuri kwa viazi na wino, lakini watu saba waliokuja kihalali ndio waliogonga ukuta. Tena wakaulizwa kwa nini wanagonga. Ndivyo ilivyo katika ofisi nyingi: tunajenga ngazi, kisha tunamwuliza asiyeweza kuipanda ni kwa nini amechelewa.

Saa nane na nusu alikuwa mbele ya Katibu.

"Barua iko wapi?" Katibu aliuliza.

"Haipigwi muhuri."

"Mama yangu, wewe mwenyewe umeandika ni walanguzi."

"Niliandika 'shaka'. Nimekosea, na kosa langu nimeliandika hapa, ukurasa mmoja, na sahihi." Akaiweka mezani. "Hao ni wapokea simu halali. Niliwafungia mlango mimi."

Katibu alitazama saa. "Sawa, tumesikitika. Lakini jibu la saba ni lako: ombi litoke kwa mwenye tiketi. Hawakufuata utaratibu, wametoka. Kanuni ni kanuni. Tuko pamoja."

"Kanuni ni kanuni," Mama Muhuri alikubali, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Tusome jibu la tisa. 'Anayeomba huduma maalumu atajibiwa kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi. Kabla hajajibiwa, nafasi yake haitaondolewa kwa sababu yoyote.' Waliomba Jumanne. Sijawajibu. Mpaka sasa hawajajibiwa hata nukta."

"Si uwajibu sasa hivi! Waambie hapana."

"Nitawajibu. Kompyuta yangu ni nzito siku ya Ijumaa." Akatoa ile karatasi ya mikunjo minne, akailaza juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja, taratibu, kama mumewe anavyonyoosha kitambaa kabla ya mkasi. "Na hii nayo, Katibu, nataka kuiweka kwenye faili. Nitaandika imepokelewa lini, kutoka mfuko gani. Maana huyu wa kwanza ni wa thelathini na nane. Na huyu wa pili nimemtafuta kwenye orodha hadi macho yameniuma. Sijui labda shemeji zetu wana orodha yao."

Moja ya simu tatu za Katibu iliita. Hakuipokea. Aliichukua ile karatasi, akaikunja mara nne, mara tano, mara sita, mpaka ikawa ndogo kama kidonge.

"Fanya unavyoona," alisema.

"Andika hapa chini, tafadhali. Maneno hupeperuka."

Akaandika.

Saa tisa na robo, hospitalini, simu iliita mara moja. "Hospitali, swichibodi, habari za mchana."

"Kaka," alisema Mama Muhuri, na sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni. "Ni mimi wa chama. Ukurasa wangu ni picha. Hukunidanganya."

"Najua sikukudanganya," alisema Mzee Laini. "Swali ni kama wewe umejua."

"Nimejua leo. Nisamehe."

Laini nyingine ilikuwa ikilia, ikisubiri. "Nimekusamehe, dada. Lakini nisikufiche, juzi ulivyokata, nilijiambia: huyu naye alikuwa mpokea simu? Sisi hatukati kabla mtu hajamaliza."

Neno hilo lilimchoma kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la ndani ya kazi. "Malizia sasa. Juzi ulianza kusema kuhusu binti."

"Yupo hapa pembeni yangu. Mwambie mwenyewe."

"Subiri. Kwanza yule mwenye tiketi, aliyefanyiwa upasuaji. Nahitaji anipigie mwenyewe, anitajie namba yake ya usajili. Bila hivyo sihamishi."

Mzee Laini alicheka kwa sauti. "Bado unatushuku!"

"Nashuku kila mtu, kaka. Tangu leo mimi pia nimo."

Mama mgonjwa alipiga baada ya dakika sita, sauti nyembamba lakini namba kamili, tarakimu nane bila kusita. Ndipo Mama Muhuri akampigia binti.

"Mahitaji ya mwenye tiketi wa kwanza hayakufuati," alimwambia. "Sema yako. Unahitaji nini?"

Binti alisita, kama mtu asiyezoea kuulizwa. "Msindikizaji sihitaji. Nahitaji ratiba kwa maandishi. Na... inawezekana kuandika kwamba mtu asinishike mkono kunivuta bila kuniuliza?"

"Inawezekana. Naandika."

"Kwa hiyo nimo?"

"Umo. Beji jina lako. Risiti inabaki jina la mama yako wa kazini, usije ukaitafuta."

Upande wa pili ukasikika mtu akipiga meza kwa kiganja, na sauti ya Mzee Laini ikisema, "Nilikwambia! Nilikwambia!" Kisha, kwa sauti ya kazi, upesi: "Hospitali, swichibodi, samahani kwa kukusubirisha."

Saa kumi kasoro dakika nane majibu saba ya maandishi yalikwenda, kila moja kwa jina la mtu wake. Jina la binti lilikaa kwenye orodha ya waliothibitishwa, mstari wa mia mbili na tisini na sita.

Jumatatu Mama Muhuri alichapa upya majibu kumi na mawili, moja kwa moja kwenye tovuti, herufi kwa herufi, Fundi akiwa amesimama nyuma yake. Jibu la saba aliliongeza: mwenye tiketi anaweza kuandika kutoka anwani yake, au kupiga simu na kutaja namba ya usajili. Juu kabisa aliweka onyo kwamba chama hakipokei maombi ya tiketi kwa namba nyingine yoyote isipokuwa hiyo iliyo hapo. Matapeli wangeweza kunakili, alijua. Aliamua kwamba kazi ya kupambana na matapeli ni yake, siyo ya mtu asiyeona.

"Na muhuri?" Fundi aliuliza.

"Upo kwenye soksi."

Akampigia Mzee Laini, akamwomba afungue ukurasa kwenye simu nyingine na kuiweka karibu na ile wanayozungumzia. Ile sauti ya mwanamke asiye na haraka ikaanza: swali la kwanza, jibu la kwanza. Mama Muhuri alifumba macho, karatasi yake ya asili akiwa ameilaza kifudifudi juu ya meza, na kusikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza kaka arobaini na wawili wa mkurugenzi. Jibu la pili. La tatu. La nne, lile la risiti, likasomwa hadi mwisho.

"Umeridhika?" Mzee Laini aliuliza.

"Mrudishe nyuma," alisema Mama Muhuri. "Huyo mwanamke wako ameruka neno 'ndipo'."

"Hajaruka, dada."

"Mrudishe tu, kaka. Nisikie mwenyewe."